Kumvisha bwana harusi kanzu na joho pichani

Kijana amepigwa picha amekaa kitini, fulana nyekundu, suruali ya jinzi, mikono juu ya magoti. Nyumbani wanataka picha hiyo hiyo itumike kwenye kadi ya harusi, ila awe na kanzu na joho. Programu za akili mnemba zinaiweza kazi hii, mradi usiziachie picha nzima. Ukiamuru tu "mvishe kanzu," nyingi huichora picha yote upya, na utaletewa mtu aliyefanana naye: pua imenyooka zaidi, ndevu zimepungua.

Dawa yake ni kuonyesha eneo la kubadilishwa. Katika Photoshop unalizungushia mstari kisha unatumia Generative Fill. Kwingine unalipaka kwa brashi. Hapa wengi huteleza, maana hupaka nguo ya zamani peke yake. Kanzu haina umbo la suruali. Ukipaka miguu ya jinzi tu, utapata suruali nyeupe. Fuata umbo la nguo inayokuja: paka na nafasi iliyo kati ya magoti, teremka hadi karibu na nyayo, kisha paka mikono iliyo wazi kuanzia fulana ilipoishia hadi kwenye kiwiko na kushuka mpaka karibu na kiganja. Uso, shingo na viganja usiviguse.

Kwenye vidole ndiko kwenye kazi. Kuza picha na utaona vijia vya buluu, jinzi iliyobaki kati ya kidole na kidole. Vipake kwa brashi nyembamba bila kugusa ngozi. Tazama pia chini ya kiganja: kitambaa cheupe kisipokuwa na kivuli hapo, mkono utaonekana unaelea.

Maelezo nayo yawe kamili. Neno "kanzu" peke yake huweza kuleta gauni. Andika kanzu nyeupe ndefu ya mikono mirefu, na joho jeusi lililo wazi mbele, lenye darizi ya dhahabu ukingoni. Kwa bwana harusi wa Kiganda, joho liondoe, uandike koti juu ya kanzu yenye omulela, ile darizi ya rangi ya damu ya mzee inayoshuka kutoka shingoni hadi kifuani. Kilemba ningekiacha, kwa sababu hukaa juu ya paji la uso na kulazimisha programu iuguse uso.

Mwisho, weka picha ya asili kama tabaka la juu, ufute kila kitu isipokuwa uso na viganja. Baadhi ya programu hubadilisha kidogo hata pasipopakwa. Lizime na kuliwasha tabaka hilo: jicho au kidole gumba kikiruka, ujue programu ilikigusa, na tabaka la asili ndilo libaki.

Kabla ya kuchapa kadi, mpelekee mwenye sura aione na akubali.