Oda Moja, Makato Mawili

Ukurasa wa malipo ukiganda na duara likazunguka bila kukoma, wengi wetu huamini kwamba malipo hayakufika. Mara nyingi mambo huwa kinyume chake. Ombi limeshafika benki, benki imeshakubali, na kilichopotea njiani ni jibu. Mnunuzi asiyejua hilo hubonyeza tena kitufe cha kulipa, na ombi la pili husafiri likiwa halina habari na la kwanza.

Safari yenyewe ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye simu. Duka hupeleka ombi kwa kampuni inayochakata malipo, nayo hulipeleka benki ya mfanyabiashara. Kutoka hapo hupitia mtandao wa kadi, yaani Visa, Mastercard au mwingine, hadi kwenye benki iliyokupa kadi. Benki yako hutazama kama kadi ni hai na kama fedha zipo, kisha jibu hurudi kwa njia ileile. Yote hayo huchukua sekunde chache. Pale unapoombwa namba ya siri ya mara moja, ile inayotumwa kwa ujumbe mfupi, kivinjari chako hutolewa kwenye ukurasa wa duka, hupelekwa kwenye ukurasa wa benki, kisha hurudishwa dukani. Marudio hayo ndiyo sehemu dhaifu. Mtandao wa simu ukiyumba hapo, mitambo ya duka na ya benki huweza kuendelea kuzungumza yenyewe kwa yenyewe na kumaliza kazi, huku wewe umebaki na ukurasa mweupe.

Tuchukue mfano wa mnunuzi wa Dar es Salaam anayeagiza viatu vya dola 64 kwenye duka la nje. Akaunti yake ina shilingi 400,000. Saa 3:14 usiku anabonyeza kulipa, anaingiza namba ya siri, ukurasa unaganda. Saa 3:17 anauburudisha ukurasa, anajaza kadi upya, na safari hii anaona maneno ya kushukuru. Baada ya muda anafungua simu na kukuta ujumbe wa benki mara mbili, kila mmoja ukitaja shilingi 166,400, kwa kiwango cha shilingi 2,600 kwa dola. Salio analoweza kutumia limebaki shilingi 67,200.

Kabla hajampigia mtu yeyote simu, kuna jambo la kuangalia kwanza: ana namba ngapi za oda? Afungue barua pepe na sehemu ya oda zake dukani. Akikuta namba mbili, mfumo wa duka haukumkata mara mbili kwa oda moja. Umepokea oda mbili, na jozi mbili za viatu zitafungwa na kusafirishwa. Dawa yake ni kufuta oda moja haraka kabla haijatoka ghalani, kwa sababu mzigo ukishaondoka atalazimika kuurudisha, pengine kwa nauli yake. Akikuta namba moja tu, huku benki ikionyesha makato mawili, hapo ndipo tunaweza kusema amekatwa maradufu.

Na hata hivyo neno “amekatwa” linahitaji uangalifu. Malipo ya kadi hufanyika kwa hatua mbili. Ya kwanza ni idhini: benki huzitenga fedha, huzitoa kwenye salio unaloweza kutumia, na kukuletea ujumbe. Fedha hizo bado zimo benki kwako. Ya pili ni makusanyo: duka, kupitia benki yake, hutuma madai ya fedha zilizoidhinishwa, kwa kawaida katika fungu la miamala ya siku nzima, na hapo ndipo fedha huondoka kweli. Kati ya hatua hizo mbili kunaweza kupita saa chache au siku kadhaa. Kwenye programu ya benki, muamala ulio katika hatua ya kwanza mara nyingi huandikwa Pending, au huwekwa kwenye orodha ya pekee ya fedha zilizozuiliwa.

Ndiyo maana benki hutoa salio la aina mbili. Salio la akaunti la mnunuzi wetu usiku ule bado ni 400,000. Kilichopungua ni salio linalotumika. Akiyalinganisha mawili hayo atajua mara moja kwamba fedha zimezuiliwa tu. Kwa mwenye kadi ya mkopo, kinachobanwa ni kikomo cha mkopo wake. Kwa mwenye kadi ya akaunti, na wengi wetu Afrika Mashariki tuko kundi hili, kinachobanwa ni kodi ya nyumba na nauli ya wiki. Maumivu yake ni ya kweli hata kama hakuna shilingi iliyoondoka.

Duka likikusanya idhini moja tu, ile nyingine hubaki bila mdai na mwishowe huanguka yenyewe. Kwa ununuzi wa kawaida wa mtandaoni hilo huchukua wiki moja hivi, ingawa baadhi ya benki huzishikilia fedha kwa muda mrefu zaidi. Hakuna marejesho yatakayoonekana kwenye taarifa ya akaunti, kwa sababu hakuna kilichotoka. Ule mstari hutoweka tu na salio hupanda. Watu wengi hubaki wakisubiri ujumbe wa “umerejeshewa” ambao hauwezi kuja.

Asiyeweza kusubiri aanze na duka, si benki. Benki iliyotoa kadi kwa kawaida haifuti idhini kwa neno la mteja peke yake, maana duka bado lina haki ya kuidai na benki itawajibika kulipa. Duka ndilo linaloweza kutuma amri ya kubatilisha, nayo huiambia benki iachilie fedha. Ujumbe kwa duka uwe mfupi na wenye vielelezo: namba ya oda, kiasi, tarehe na saa ya kila kato, na tarakimu nne za mwisho za kadi. Kisha swali moja la wazi: je, makato yote mawili yamekusanywa, au moja bado ni idhini tu? Kama bado, libatilisheni leo. Swali hilo humtoa mhudumu kwenye jibu la kukariri la “subiri siku kadhaa za kazi” na kumlazimu afungue kumbukumbu za malipo.

Kuwahi kuna faida nyingine ambayo huonekana zaidi fedha zikivuka mpaka. Idhini ikibatilishwa kabla ya makusanyo, mnunuzi hurudi na shilingi zake 166,400 kamili. Makusanyo yakishapita, duka haliwezi tena kubatilisha. Litarejesha, na kurejesha ni muamala mpya wenye kiwango chake cha kubadilishia fedha. Tuseme siku ya makusanyo dola ilikuwa 2,610, hivyo kato la pili likawa shilingi 167,040. Wiki mbili baadaye duka linarudisha dola 64 zilezile, na benki inazibadili kwa 2,570. Zinaingia shilingi 164,480. Zimepotea 2,560 bila mtu yeyote kuiba, pamoja na ada ya kubadili fedha kama benki yake inatoza. Anaweza kuliomba duka lifidie tofauti hiyo, lakini kwa dola duka limesharudisha kila kitu, na wengi hawatakubali.

Duka likisema limesharejesha na fedha hazionekani, aombe namba iitwayo ARN. Ni namba ya tarakimu 23 inayofuatana na muamala kutoka benki ya mfanyabiashara hadi benki ya mwenye kadi. Akiipeleka benki kwake, mhudumu anaweza kuyatafuta marejesho moja kwa moja. Duka lisiloweza kuitoa siku kadhaa baada ya kudai limerejesha, huenda halijarejesha.

Mlango wa benki hufunguliwa pale kato la pili limeshakusanywa na duka linakataa au limenyamaza. Hapo mnunuzi hujaza fomu ya kupinga muamala. Makato maradufu yana kifungu chake katika kanuni za mitandao ya kadi. Kwa Visa ni 12.6.1, na muda wa kufungua pingamizi ni siku 120 tangu muamala kuchakatwa. Mitandao mingine ina muda wake, na benki inaweza kumtaka mteja aje mapema zaidi, kwa hiyo asikae miezi mitatu akibembelezana na duka. Aambatanishe taarifa ya akaunti inayoonyesha mistari yote miwili, uthibitisho wa oda moja, na mawasiliano yake na duka. Duka litapewa nafasi ya kuthibitisha kwamba yalikuwa manunuzi mawili tofauti. Likishindwa, fedha hurudi. Kazi hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa.

Asifungue pingamizi huku duka limeshaahidi kwa maandishi kurejesha na muda wa ahadi haujapita. Fedha zikirudi kwa njia zote mbili, moja itachukuliwa tena, pengine siku ambayo ameshaitumia. Na asilalamike mitandaoni akiweka namba yake ya simu hadharani. Matapeli huwavizia watu wa namna hiyo, huwapigia wakijifanya watumishi wa benki, na kuomba namba ya siri “ili turudishe fedha”. Kurejesha fedha hakuhitaji namba ya siri, wala namba ya mara moja, wala zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi.

Ukurasa ukiganda, basi, acha kitufe. Usiburudishe, usirudi nyuma. Ngoja dakika chache, angalia ujumbe wa benki, kisha fungua orodha ya oda zako katika dirisha jingine. Oda ikiwepo, malipo yamepita. Kama oda haipo lakini ujumbe wa benki umekuja, idhini imetolewa na duka halijui. Waandikie kabla ya kulipa tena.

Lakini mzigo huu haufai kubebwa na mnunuzi peke yake, kwani tiba yake inajulikana na mafundi wa mifumo. Kila jaribio la malipo hupewa namba ya kipekee, na ombi likija tena na namba ileile, mfumo hautozi upya bali hurudisha jibu la mwanzo. Kwa kampuni ya Stripe, kwa mfano, namba hiyo hutumwa kwenye kichwa cha ombi kiitwacho `Idempotency-Key`, nayo hukumbukwa kwa angalau saa 24. Kosa la kawaida ni kutengeneza namba mpya kila kitufe kinapobonyezwa au ukurasa unapoburudishwa, na hapo kinga yote huwa bure. Namba ifungamane na oda, isifungamane na kitufe.

Mwenye duka la mtandaoni anayesoma haya, mwite fundi wako na umwombe ajaribu mbele yako: aanze kulipa, akate intaneti mara tu baada ya kuingiza namba ya siri, airudishe, alipe tena. Mkiona makato mawili kwa oda moja, rekebisheni kabla hamjampokea mteja mwingine.