Kiti Namba 26: Jinsi Kache Inavyoamua Data Ikae Wapi

Tazama programu hii fupi ya lugha ya C, inayojumlisha namba zilizomo katika orodha mbili:

```c
int a[2048], b[2048];

for (i = 0; i < 2048; i++)
    jumla += a[i] + b[i];
```

Kila namba inachukua baiti 4, kwa hiyo kila orodha ina baiti 8192. Tuseme orodha ya kwanza inaanzia anwani 73728 ya kumbukumbu, na ya pili inaifuata bila pengo, yaani inaanzia 81920. Iendeshe programu hii kwenye prosesa ya Alpha 21064, iliyotoka mwaka 1992, nayo itakosa data kwenye kache mara 4096. Ndiyo idadi kamili ya namba zinazosomwa: hakuna hata moja inayokutwa ikisubiri karibu. Sasa isogeze orodha ya pili mbele kwa baiti 32 tu, bila kugusa kitu kingine. Mara za kukosa zinashuka hadi 512. Hesabu ni ileile na jibu ni lilelile, lakini kompyuta inasubiri mara nane pungufu.

Ili kuona kwa nini, inabidi tuingie ndani ya anwani yenyewe na kuikata vipande.

Kache ni kumbukumbu ndogo, ya kasi sana, iliyojengwa ndani ya prosesa au pembeni yake. Inahifadhi nakala za sehemu za kumbukumbu kuu zilizotumika karibuni. Kwenye prosesa za leo, kusoma namba kutoka kache ya kwanza huchukua mapigo manne au matano ya saa ya prosesa, ilhali kuifuata kwenye kumbukumbu kuu kunaweza kula mapigo mia kadhaa. Data haiingii kwenye kache baiti mojamoja, bali kwa mafungu yaitwayo mistari. Kwenye Alpha 21064 mstari mmoja una baiti 32, hivyo ukisoma namba moja unapewa na saba za jirani yake. Kache yake ya data ina baiti 8192, na ukigawa kwa 32 unapata mistari 256.

Kumbukumbu kuu ina mamilioni ya mafungu kama hayo, na nafasi za kache ni 256 tu. Prosesa inahitaji kanuni ya kujua fungu lipi likae wapi, tena kanuni isiyohitaji kutafuta, maana hakuna muda wa kutafuta. Kanuni rahisi kuliko zote ni upangaji wa moja kwa moja: kila fungu lina nafasi moja tu linayoweza kukaa, na nafasi hiyo inasomwa kutoka kwenye anwani yenyewe.

Tuchukue namba ya 211 katika orodha ya kwanza, `a[211]`. Imo baiti 844 kutoka mwanzo wa orodha, kwa hiyo anwani yake ni 73728 + 844 = 74572. Tuiandike kwa sifuri na moja, tukiacha sifuri zote za mbele, kisha tuikate:

```
1001 | 00011010 | 01100
lebo   indeksi    ofseti
  9       26        12
```

Anza kulia. Mstari una baiti 32, na biti 5 zinatosha kuhesabu kuanzia 0 hadi 31. Biti hizo tano ndizo ofseti: zinasema baiti tunayoitaka ni ya ngapi ndani ya mstari, na hapa ni ya 12. Mistari iko 256, na biti 8 zinatosha kuihesabu yote. Hizo ndizo indeksi: zinasema twende mstari namba 26. Biti zote zinazobaki kushoto ni lebo, na hapa lebo ni 9.

Lebo ina kazi ya utambulisho. Mafungu mengi mno ya kumbukumbu yana indeksi 26, kwa hiyo kila nafasi ya kache, pamoja na data yake, hutunza lebo ya fungu lililomo. Hutunza pia biti moja ya uhalali, inayosema kama nafasi hiyo imeshajazwa kitu cha kweli au bado ina takataka za tangu mashine iwashwe. Prosesa inakwenda mstari wa 26, inatazama biti ya uhalali, inalinganisha lebo iliyomo na 9. Zikilingana, data imepatikana. Zisipolingana, fungu zima linaletwa kutoka mbali na kuandikwa juu ya lililokuwemo.

Indeksi imechukuliwa katikati ya anwani kwa makusudi. Ingechukuliwa kwenye biti za juu kabisa, mafungu jirani yote yangekuwa na indeksi moja, na orodha ndefu ingejikanyaga yenyewe huku sehemu kubwa ya kache ikikaa bure. Biti za katikati zinafanya majirani wapangwe kwenye nafasi zinazofuatana.

Sasa tumtazame mwenzake, `b[211]`. Anwani yake ni 81920 + 844 = 82764:

```
1010 | 00011010 | 01100
 10       26        12
```

Indeksi ni ileile 26, na lebo tu ndiyo imebadilika, kutoka 9 kuwa 10. Haikuwa bahati mbaya. Orodha zimepishana kwa baiti 8192, ambao ndio ukubwa wa kache nzima, kwa hiyo kila namba ya orodha ya kwanza inagombea nafasi moja na mwenzake wa orodha ya pili. Programu inasoma `a[211]`, mstari wa 26 unajazwa fungu la lebo 9. Inasoma `b[211]`, fungu la lebo 9 linafutwa na la 10 linaingia. Inarudi kusoma `a[212]`, ambayo ilikuwa fungu moja na `a[211]`, na inakuta fungu limeshaondolewa. Zile namba saba za jirani zilizoletwa pamoja hazikupata hata nafasi ya kutumika. Ni kama basi la mikoani ambalo abiria wawili wamekatiwa tiketi za kiti namba 26: wanashushana kila kituo, na viti vya nyuma vitupu, kwa sababu konda haruhusu mtu kukaa nje ya namba yake.

Baiti 32 tulizoongeza zilisogeza indeksi ya `b[211]` kutoka 26 hadi 27. Kila orodha ikawa na mstari wake kwa wakati wake, na kila fungu likatumika hadi namba yake ya nane. Kila orodha ina mafungu 256, kwa hiyo mara za kukosa ni 512, na hizo haziepukiki, kwa kuwa kila fungu lazima liletwe angalau mara moja.

Mwandishi wa programu hapaswi kubeba mzigo huu peke yake, na wahandisi wana njia ya kuupunguza. Mwaka 1993 Intel ilitoa prosesa ya Pentium. Kache yake ya data ilikuwa na baiti 8192 na mistari ya baiti 32, sawasawa na ile ya Alpha, ila imepangwa kwa seti. Mistari 256 iligawanywa katika seti 128 zenye nafasi mbili kila moja. Anwani inachagua seti, na ndani ya seti fungu linaweza kukaa nafasi yoyote. Seti 128 zinahitaji biti 7 badala ya 8, kwa hiyo biti moja inahama kutoka indeksi kwenda kwenye lebo:

```
a[211]:  10010 | 0011010 | 01100   lebo 18, seti 26
b[211]:  10100 | 0011010 | 01100   lebo 20, seti 26
```

Wawili hawa bado wamekutana seti ya 26, lakini sasa kuna nafasi mbili. Prosesa inalinganisha lebo zote mbili kwa wakati mmoja na kuchukua data ya ile iliyolingana. Programu yetu, bila kusogezwa chochote, inakosa mara 512 tu.

Kinga hii ina mpaka, na mpaka wenyewe ni mkali. Ongeza orodha ya tatu iliyo mbele ya `b` kwa baiti 8192, nayo isomwe katika mzunguko huohuo. Seti ikijaa, Pentium huondoa fungu lililokaa muda mrefu zaidi bila kutumika. Ya tatu inaingia kwa kuiondoa ya kwanza, ambayo ndiyo inayohitajika mara inayofuata. Ya kwanza inarudi kwa kuiondoa ya pili, ambayo zamu yake ndiyo inakuja. Kila usomaji unakosa tena, kana kwamba nafasi ya pili haipo.

Kwa nini basi seti zisiwe na nafasi nyingi zaidi? Kila nafasi inadai saketi yake ya kulinganisha lebo, na saketi zote hufanya kazi kila mara kache inaposomwa, zikitumia umeme. Kuna pia suala la muda. Kwenye upangaji wa moja kwa moja data inayowezekana ni moja, kwa hiyo prosesa inaweza kuanza kuitumia huku lebo ikiendelea kuhakikiwa. Kwenye seti, data haijulikani ni ipi hadi ulinganishaji uamue. Hata hivyo Alpha yenyewe ilihama: 21264, mrithi wa baadaye, ilikuja na kache ya data yenye nafasi mbili kwa seti.

Prosesa nyingi za Intel za miaka ya 2010 zina kache ya kwanza ya data yenye baiti 32768, mistari ya baiti 64 na nafasi nane kwa seti. Hizo ni seti 64: ofseti biti 6, indeksi biti 6. Kwenye Linux unaweza kuuliza mashine yako yenyewe:

```
cd /sys/devices/system/cpu/cpu0/cache/index0
cat number_of_sets ways_of_associativity
```

Kwenye mashine kama hizo mgongano umejificha kwenye majedwali. Jedwali la mistari 256, kila mstari ukiwa na namba 1024 za baiti 4, lina hatua ya baiti 4096 kutoka mstari mmoja hadi wa chini yake. Seti 64 mara baiti 64 ni 4096 pia. Ukisoma jedwali kwa kushuka safuwima, namba zote 256 zinaangukia seti moja yenye nafasi nane, na seti 63 hazisaidii chochote. Ukifika safuwima ya pili, karibu mafungu yote ya ile ya kwanza yameshaondolewa. Dalili ni programu inayopungua kasi ghafla kwa upana wa 1024 kuliko ilivyo kwa 1000 au 1040, na ushahidi unatolewa na kihesabio cha prosesa:

```
perf stat -e L1-dcache-load-misses ./programu
```

Upana wa 1040 unaongeza namba 16 zisizotumika mwishoni mwa kila mstari, yaani baiti 64. Kila hatua ya kushuka inasogea seti moja mbele, mafungu 256 yanagawanyika manne kwa kila seti, na yote yanaenea yakisubiri safuwima 15 zinazofuata.