Punju asiyekula ndizi: maneno machache yanavyogeuka picha ya ukutani

Dada yangu anafundisha skuli ya maandalizi huko Kizimkazi, upande wa Mkunguni. Darasa lake lina watoto wa miaka minne na mitano na ukuta mmoja mrefu mweupe, hauna kitu. Siku moja akanipigia simu: "Mdogo wangu, si unasoma mambo ya kompyuta weye? Nitengenezee picha za wanyama, ziwe laini, rangi zilizopoa, maumbo ya duara duara. Nataka pomboo na punju."

Nikaona kazi ndogo hiyo. Nikafungua Stable Diffusion 1.5, ambayo mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake, nikaandika prompti hii:

```
nursery wall art, cute dolphin and red colobus monkey,
soft animals, gentle pastel colors, simple rounded shapes
```

Picha iliyotoka ilikuwa ya chumba cha mtoto mchanga cha Ulaya. Kitanda chenye vizuizi, zulia, na juu yake fremu iliyotundikwa. Ndani ya fremu mlikuwa na nyani wa kahawia mwenye masikio makubwa, ameshika ndizi, na mkia wake umepata rangi ya buluu ya pomboo. Nikamtumia dada. Jibu lake lilikuwa fupi: "Huyu punju wa wapi?"

Swali zuri. Makala haya ni jibu lake, na pia ni hadithi ya jinsi tulivyofika kwenye picha ambayo watoto waliitambua.

Maneno yanaingiaje kwenye picha

Kompyuta haisomi sentensi yako kama mwalimu asomavyo insha. Kwanza inaikata vipande vidogo vinavyoitwa tokeni. Neno la kawaida la Kiingereza huwa tokeni moja, neno geni kama "Kizimkazi" huvunjwa vipande kadhaa. Toleo hili linapokea tokeni 75 tu, ukizidisha, mwisho wa maelezo yako unakatwa.

Kila tokeni inageuzwa kuwa orodha ya namba 768. Anayefanya kazi hiyo ni modeli iitwayo CLIP, iliyofunzwa kwa jozi milioni 400 za picha na maandishi kutoka mtandaoni. Hapo ndo siri ilipo. Kwa CLIP, maana ya neno ni picha ambazo neno hilo limezoea kuandamana nazo. Kwa Kiingereza "nursery" inaweza kuwa skuli ya maandalizi, chumba cha mtoto mchanga, au hata kitalu cha miche. Lakini ukiiambatanisha na "wall art" unaangukia kwenye kurasa za maduka yanayouza fremu, na muuzaji wa fremu hupiga picha ya fremu ikiwa juu ya kitanda cha mtoto. Kwa hiyo nilipewa nilichokiomba: picha ya picha ya ukutani.

Ndizi nayo ilikuja kwa njia hiyohiyo. "Cute" na "monkey" pamoja zinaita katuni, na nyani wa katuni ana ndizi mkononi. Punju wetu wa Jozani anakula zaidi majani na matunda mabichi, na mkono wake hauna hata kidole gumba cha maana.

Kutoka kwenye chenga

Uchoraji wenyewe unaanza na chenga, kama zile za televisheni iliyokosa antena. Modeli ina kazi moja: kukisia ni sehemu gani ya kilichopo ni chenga, kisha kuipunguza kidogo. Inarudia hivyo mara 30 hivi, na kila mara umbo linajitokeza zaidi.

Katika kila hatua inakisia mara mbili. Mara ya kwanza inatumia maelezo yako, mara ya pili inatumia maelezo matupu. Kisha inachukua tofauti ya hizo mbili na kuikuza:

```
kisio = tupu + 7.5 * (maelezo - tupu)
```

Hiyo 7.5 ndiyo nguvu ya kufuata maneno yako. Ukiishusha sana, picha inazurura. Ukiipandisha sana, rangi zinakolea kupita kiasi, na hapo pasteli zako zimekwisha.

Fomula hii inaeleza kosa ambalo wengi wetu tunalifanya. Jaribio langu la pili niliongeza `no crib, no banana`. Vikaja vitanda viwili! Kwa sababu "crib" imeingia upande wa maelezo, na kile kijineno "no" kina nguvu ndogo sana kwa CLIP. Usichokitaka kinatakiwa kiandikwe kwenye kisanduku chake, `negative prompt`. Maneno ya humo yanakaa mahali pa "tupu" kwenye fomula, kwa hiyo badala ya picha kuyasogelea, inasukumwa kuyakimbia.

Mweleze mnyama, usimtaje tu

Jina "red colobus" halikuwa na uzito wa kutosha. Nikaamua kumweleza punju kwa anavyoonekana, kama unavyomwelezea mtu ambaye hajawahi kufika Jozani: uso mweusi, nywele ndefu nyeupe kuzunguka uso, mgongo mwekundu wa kutu, tumbo jeupe, mkia mrefu unaoning'inia. Na nikamwacha peke yake. Ukiweka wanyama wawili kwenye sentensi moja, namba za maneno yao zinachanganyika na sifa ya mmoja inahamia kwa mwenzake. Ndo maana nyani wa kwanza alipata mkia wa buluu.

```
flat children's book illustration, one monkey sitting
on a branch, black face, long white hair around the face,
rust-red back, white belly, long tail hanging down,
simple rounded shapes, pale green background

negative prompt: crib, frame, bedroom, banana, text
```

Kitu kingine kilichosaidia ni kuishikilia namba ya `seed`. Hiyo ndiyo inayoamua chenga za kuanzia. Ukiiacha ibadilike kila mara, hujui kama picha imekuwa nzuri kwa sababu ya neno uliloongeza au kwa bahati tu. Ukiiweka ileile na kubadilisha neno moja moja, unaona kila neno linafanya nini. Kwa njia hiyo nikagundua kwamba "cute" ndilo lililokuwa linamrudishia punju yale masikio makubwa. Nikaliondoa.

Kwa nini mviringo unafanya kazi

Ombi la dada la "duara duara" lilikuwa la busara kuliko alivyojua. Modeli hii haichori pikseli moja moja. Picha ya pikseli 512 kwa 512 inashughulikiwa ikiwa imebanwa kuwa gridi ya 64 kwa 64, yaani kila kijumba kinabeba eneo la pikseli 8 kwa 8. Jicho dogo la pikseli 16 linapata vijumba viwili kwa viwili tu. Vidole vitano ndani ya nafasi hiyo? Vinakuwa saba, au uji. Lakini tumbo kubwa la mviringo linaenea vijumba mamia, na linatoka safi. Mkono wa punju ukichorwa kama kifundo kisicho na vidole, lile tatizo la kidole gumba nalo linaisha.

Kuna sababu nyingine ya mviringo kupendeza. Mwaka 1943 Konrad Lorenz alieleza kwamba kichwa kikubwa, macho makubwa na mashavu ya mviringo vinaamsha kwa binadamu hisia ya kutunza, kwa kuwa ndivyo mtoto mchanga alivyo. Tatizo ni kwamba ukizidisha, kila mnyama anakuwa mtoto mchanga yuleyule, na punju hatofautiani tena na dubu.

Pomboo alinishinda

Bahari ya Kizimkazi ina pomboo wa aina mbili. Mmoja ni yule anayefanana na wa kwenye televisheni. Wa pili ana nundu ndefu mgongoni, na pezi dogo limekaa juu ya nundu hiyo. Dada alimtaka huyu wa pili, maana baadhi ya watoto wake baba zao wanapeleka wageni baharini na wanawajua wote wawili.

Nilieleza nundu kwa kila namna. Nikapata papa, nikapata nyangumi, nikapata pomboo mwenye nundu ya ngamia kabisa. Maneno yana kikomo: kama modeli haijaona umbo hilo mara nyingi likiwa na maelezo yake, hakuna sentensi itakayolileta.

Basi nikachora kwa penseli. Mchoro mbaya, lakini nundu ipo mahali pake. Nikaupiga picha na kuuingiza kwenye `img2img`, ambako safari haianzi na chenga tupu bali inaanza na mchoro wako uliotiwa chenga. Kipimo cha `strength` kinasema chenga ziwe kiasi gani. Kwa 0.6, katika hatua 30 modeli inafanya 18 za mwisho. Nilipoweka 0.9 nundu ilifutika, kwa 0.3 ukabaki mchoro wangu mbaya. Kwenye 0.6 nundu ilibaki, na mistari yangu iliyotetemeka ikawa laini.

Ukuta si kioo cha simu

Rangi ya pasteli ni rangi iliyochanganywa na nyeupe nyingi. Kwenye simu inavutia. Kwenye ukuta wa chokaa, jua la Kusini Unguja likiingia dirishani, inapotea. Kipimo chake ni rahisi: igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Kama mnyama anazama kwenye mandhari, mtoto aliyekaa nyuma ya darasa hatamwona. Punju alifaulu kwa sababu ya uso wake mweusi. Pomboo wa kijivu hafifu juu ya buluu hafifu alifeli, ikabidi tumzungushie mstari wa kijivu kizito.

Halafu kuna ukubwa. Pikseli 512 zikitandazwa kwenye upana wa karatasi ya A3, unapata pikseli 44 hivi kwa kila inchi, na kingo zinaonekana kama ngazi. Kwa maumbo bapa ya mviringo kuna njia ya kuliepuka hilo: `Trace Bitmap` ya Inkscape inageuza kingo kuwa mistari ya kihesabu ambayo haivunjiki hata ukiikuza kiasi gani.

Dada hakungoja uchapishaji. Alipiga gridi kwenye karatasi, akapiga gridi kubwa ukutani kwa chaki, akahamisha mraba kwa mraba na kupaka rangi yeye mwenyewe. Jumatatu watoto walipoingia, mmoja akasimama mbele ya pomboo, akamwonesha mwenzake ile nundu na kumwambia, "Huyu wa kwetu."