Kikapu cha Mkonge Kinapoitwa Kiuatilifu

Tuchukue kikapu kikubwa cha mkonge, cha kuwekea nguo chafu, kilichofumwa Machakos na kutangazwa kwenye soko la Amazon la Marekani na ndugu wa mfumaji anayeishi huko. Kwa kuwa wanunuzi ni Wamarekani, maelezo yameandikwa kwa Kiingereza, na katikati yake muuzaji ametaja sifa aliyoisoma kwa wauzaji wengine: mkonge ni `naturally antimicrobial`, yaani kwa asili yake huzuia vijidudu. Tangazo linakaa hewani kwa muda, kisha linaondolewa. Ujumbe anaoletewa unasema bidhaa yake imehesabiwa kuwa kiuatilifu.

Muuzaji huyu hudhani kuna kosa la mashine, huandika malalamiko marefu kueleza kwamba kikapu ni kikapu, na hujibiwa kwa sentensi zilezile. Malalamiko hayo hayamsaidii kwa sababu hayagusi jambo linalobishaniwa. Hakuna anayekana kwamba ni kikapu. Linalotazamwa ni kile alichoahidi kwamba kikapu hicho kitafanya.

Viuatilifu Marekani vinasimamiwa na sheria ya mwaka 1947 inayofupishwa FIFRA, na msimamizi wake leo ni shirika la mazingira la serikali, EPA. Chini ya sheria hiyo, kitu kinaweza kuwa kiuatilifu kwa sababu ya nia ya anayekiuza. Ile dawa ya klorini ya kufulia, ambayo wengi wetu tunaiita jiki, ni mfano mzuri. Ikiuzwa kwa maneno kwamba inaondoa madoa, ni kifaa cha usafi tu. Dawa hiyohiyo, kutoka pipa lilelile, ikiandikwa kwamba inaua vijidudu kwenye meza ya jikoni, inakuwa kiuatilifu na lazima isajiliwe EPA kabla ya kuuzwa. Kilichobadilika ni maneno peke yake. Ndiyo maana neno moja kwenye kikapu lina uzito: kudai kwamba kinazuia vijidudu ni kudai kazi ya kiuatilifu, na hakina namba ya usajili.

Upo msamaha kwa vitu vilivyotiwa dawa ili vyenyewe visiharibike, kama rangi ya ukuta au turubai. Lakini dawa iliyotiwa sharti iwe imesajiliwa kwa kazi hiyo, na muuzaji aseme tu kwamba inakilinda kitu chenyewe. Mkonge wetu haukutiwa chochote, kwa hiyo msamaha huo haumhusu.

Soko nalo lina sababu ya kuogopa. Mwezi Februari 2018 Amazon ilikubali kulipa faini ya dola 1,215,700 baada ya EPA kudai makosa karibu 4,000 ya kuuza viuatilifu visivyosajiliwa, vilivyoingizwa kutoka nje na wauzaji wengine. Miongoni mwake ilikuwamo chaki ya kuulia wadudu, inayofanana na chaki ya mende inayochuuzwa katika miji yetu. Sehemu ya makubaliano ilikuwa kuandaa mafunzo ya mtandaoni kwa wauzaji kuhusu sheria hizo. Kwa ukubwa wa soko lile, uchujaji wa kwanza hauwezi kufanywa na watu. Hufanywa na programu inayotafuta maneno. Programu hiyo inaweza kukamata neno bila kujali sentensi. Muuzaji mwaminifu anayeandika `pesticide free`, akimaanisha mkonge uliolimwa bila dawa, anaweza kunaswa sawa na anayeuza sumu ya panya.

Kulipata neno ndiko kunakowachosha watu, kwa sababu ujumbe mara nyingi hautaji ni neno gani. Wengi husoma ukurasa kama mnunuzi anavyouona, hawaoni kitu, wakakata tamaa. Ukurasa ule ni sehemu tu ya tangazo. Nyuma yake kuna maneno ya kutafutia ambayo mnunuzi hayaoni, visanduku vya matumizi na malighafi, na kundi la bidhaa lililochaguliwa. Kikapu kikiwa na saizi tatu, kila saizi inaweza kubeba maelezo yake. Katika mfano wetu, muuzaji amefuta `antimicrobial` kwenye maelezo, lakini tangazo halirudi. Alisahau kwamba alipolifungua mara ya kwanza alijaza maneno ya kutafutia, na mojawapo lilikuwa `mold resistant`, yaani haliingii ukungu.

Njia ya uhakika ni kupakua data yote ya tangazo katika jedwali la Excel badala ya kulisoma kwa macho. Kisha tafuta mashina ya maneno, si maneno kamili, maana shina `microb` litakamata `antimicrobial` na `microbes` pia. Fomula hii ikiwekwa kando ya seli A2 huhesabu ni mashina mangapi yamo:

```
=SUMPRODUCT(--ISNUMBER(SEARCH({"microb","bacter","fung","mold","mildew","germ","repel","insect","pest"},A2)))
```

Sifuri maana yake hakuna. Namba yoyote nyingine, soma seli hiyo neno kwa neno. Utakutana na yasiyo na hatia, kama `molded`, lililofinyangwa, au `water repellent`, lisilopitisha maji. Mimi ningeyabadilisha hayo pia, kwa kuwa huna njia ya kujua kama programu inatofautisha.

Fomula haioni picha. Kama mchoro wa tangazo una maandishi juu yake, fungua kila picha na uyasome, pamoja na maelezo mafupi yaliyofichwa nyuma ya picha kwa ajili ya wasioona. Na kama ukurasa unatumiwa na wauzaji wengine wa bidhaa hiyohiyo, neno linaweza kuwa limeingizwa na mwingine. Hapo unaomba soko lenyewe lirekebishe.

Kuna mtego mwingine wakati wa kufuta. Ukipandisha jedwali kwa namna ya kubadilisha sehemu tu, seli tupu huchukuliwa kwamba hujataka kugusa kitu, na neno la zamani hubaki palepale. Muuzaji huamini amelifuta, huomba tangazo lirudishwe, na hukataliwa tena. Weka maneno mengine mahali pake au lifute kwa mkono kwenye kisanduku chake, kisha baada ya saa kadhaa pakua jedwali upya na uendeshe fomula tena. Ikionyesha sifuri kote, na picha ni safi, ndipo uombe. Katika ombi, usieleze maisha ya mkonge. Sema bidhaa ni kikapu kisichotiwa dawa, haikusudiwi kuua wala kufukuza kiumbe chochote, na taja neno lililoondolewa na kisanduku lilipokuwa.

Badala ya kusema mkonge huzuia vijidudu, andika kinachoonekana: nyuzi ngumu, mfumo ulio wazi unaopitisha hewa, unafutwa kwa kitambaa kibichi na kuanikwa. Yote hayo ni kweli na hayagusi sheria. Angalia pia karatasi ndogo iliyofungwa kwenye mpini wa kikapu, kwa sababu EPA huhesabu lebo sawa na tangazo, na soko linaweza kukuomba picha yake. Kama lebo zimeshachapwa na zina neno lilelile, zitolewe kabla ya shehena kusafirishwa.

Haya yote ni kwa kikapu ambacho si kiuatilifu. Anayeuza mafuta ya mwarobaini ya kufukuzia mbu hawezi kujiokoa kwa kufuta neno, kwa sababu kazi aliyokusudia imebaki ileile. Yeye inambidi aende kwenye usajili.