Sifuri Juu, Sifuri Chini

Ukiweka x = 0 katika (1 − cos x)/x², unapata 0/0, na hapo hakuna jibu. Usikimbilie kikokotoo: kwa x = 0.00000001, vingi huikadiria cos x kuwa 1 kamili na kukupa 0, jibu lisilo la kweli.

Zidisha juu na chini kwa 1 + cos x. Juu panakuwa 1 − cos² x, ambayo daima ni sawa na sin² x. Sasa panga upya:

(sin x/x)² × 1/(1 + cos x)

x inapokaribia 0, sin x/x hukaribia 1, na cos x vilevile. Kikomo ni 1/2. Hakiki kwa x = 0.1: utapata 0.4996. Lakini pima pembe kwa radiani. Kwa digrii jibu hili halisimami.