Mutarule: Je, aliyekaa bila kusaidia ni sawa na aliyeua?

Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, katika kijiji cha Mutarule, kwenye bonde la Ruzizi kaskazini ya Uvira, watu wenye silaha waliwashambulia raia. Wengi wa waliouawa walikuwa wamekusanyika kwa ibada ya nje, kwenye kanisa la Kiprotestanti. Wengine walipigwa risasi, wengine walichomwa visu, wengine waliungua. Shirika la Human Rights Watch, lililofanya uchunguzi, lilihesabu angalau watu 30 waliokufa, na kati yao walikuwemo wanawake na watoto.

Shirika hilo lilieleza pia jambo la pili. Wanajeshi wa serikali walikuwa karibu, na kambi ya walinda amani wa MONUSCO ilikuwa umbali wa kilometa 9 tu. Habari ya shambulio iliwafikia wakati mauaji yakiendelea, na watu waliomba msaada. Hakuna aliyekuja kuyazuia. Walipofika, kazi ya kifo ilikuwa imekwisha.

Tangu siku ile neno moja limesikika mara nyingi kwetu: "Wale walioacha watu wafe ni wauaji sawasawa na wale waliopiga." Je, ni kweli? Tulichunguze polepole, kwa kuwa jibu lake linagusa mzigo ambao ndugu wengi wanaubeba hata leo.

Tuanze na mfano wa kufikiriwa. Wanaume wawili, kila mmoja kwa siku yake, wanataka mtoto wa ndugu yao afe ili warithi shamba. Wa kwanza anamzamisha mtoto ziwani. Wa pili anakwenda ziwani kwa nia ileile, lakini anakuta mtoto ameteleza na anazama mwenyewe penye maji ya kufika kiunoni. Anasimama akitazama mpaka mtoto anyamaze. Mwanafalsafa wa Amerika, James Rachels, alitoa mfano wa namna hii mwaka 1975. Aliuliza: yuko wapi mwema kati ya hao wawili? Hayupo. Nia ni moja, uwezo wa kuokoa ulikuwepo, na kuokoa kusingemgharimu kitu. Basi mtu asijitetee kwa kusema tu, "Mimi sikumgusa." Mikono mitupu peke yake haimsafishi mtu.

Lakini mfano huo hautoshi kutufikisha mpaka "ni sawa siku zote". Mwanafalsafa wa Uingereza, Philippa Foot, alionyesha kwamba wajibu wa kutodhuru na wajibu wa kusaidia haviko kwenye mzani mmoja. Fikiri mambo ya hapa Uvira. Leo unaweza kujizuia kumwua kila mtu wa mji huu, toka Kavimvira mpaka Kalundu, bila kutoka nyumbani kwako. Lakini huwezi kumsaidia kila mwenye njaa wa Kavimvira mpaka Kalundu, hata ukiuza vyote ulivyo navyo. Kama kutosaidia kungekuwa sawa na kuua, kila mmoja wetu angekuwa mwuaji kila jioni, na neno "mwuaji" lingekosa maana.

Kuna njia rahisi ya kuiona tofauti hiyo. Mwondoe mtu katika habari, kisha uulize nini kingebaki. Ukimwondoa mshambuliaji wa Mutarule, watu wanamaliza maombi na kurudi nyumbani. Ukimwondoa mpita njia aliyekataa kusaidia, watu wanakufa vilevile. Wa kwanza alileta kifo. Wa pili hakukileta, ila alikataa kukizuia.

Sasa angalia kambi ya askari kwa kipimo hicho hicho. Askari si mpita njia. Azimio namba 2147 la Baraza la Usalama, la mwezi wa Machi 2014, liliwaruhusu MONUSCO kutumia njia zote za lazima ili kuwalinda raia. Jeshi la taifa nalo lina kazi hiyo kabla ya mgeni yeyote. Palipo na ahadi ya ulinzi, watu hupanga maisha yao juu yake: hulala kijijini badala ya kukimbia, hukusanyika usiku kuomba. Kwa hiyo mlinzi aliyeahidi kisha asije hakuacha tu mambo kama alivyoyakuta. Ahadi yake yenyewe ilikuwa sehemu ya sababu watu walikuwa pale.

Ndiyo sababu nabii Ezekieli, sura ya 33, hasemi juu ya kila mtu, bali juu ya mlinzi aliyewekwa na watu wake. Akiona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu inadaiwa mkononi mwake. Lakini tazama vizuri: upanga unabaki kuwa upanga. Hatia ya mlinzi haipunguzi hatia ya aliyeua, wala haichukui nafasi yake. Vivyo hivyo katika Luka 10: kuhani na Mlawi hawaitwi wanyang'anyi, wala hawapewi udhuru.

Sheria ya nchi yetu inakwenda njia hiyo. Kanuni ya Adhabu ya Kongo, katika vifungu 66 bis na 66 ter, inamwadhibu mtu anayeacha kwa kusudi kuzuia uhalifu juu ya mwili wa mwingine, au kumsaidia aliye hatarini, ikiwa angeweza kufanya hivyo bila hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Kuita msaada nako kunahesabiwa kuwa kusaidia. Hilo ni kosa kweli, lakini adhabu yake ni ndogo sana kuliko ya mauaji. Sheria inakataa mambo mawili pamoja: kusema hakuna kosa, na kusema makosa ni sawa.

Basi tupime watu watatu katika usiku kama ule. Mkubwa wa kambi alijua, alikuwa na magari na silaha, na ilikuwa kazi yake. Hatia yake inakaribia sana ile ya aliyetenda. Jirani wa kijiji cha pili alisikia risasi, alikuwa na simu, hakupiga kwa kufikiri "mwingine atapiga". Kosa lake lipo, nalo ni dogo kuliko la yule mkubwa, kwa kuwa hakuwa mlinzi na uwezo wake ulikuwa simu tu. Wa tatu ni mama aliyejificha migombani na watoto wake, akasikia jirani akilia, asitoke. Alijua, lakini kutoka kwake kungeongeza maiti tu. Huyo hana deni la damu.

Mama wa namna hiyo tunaye makanisani. Kwa miaka anasema, "Mimi nilimwua jirani yangu, kwa sababu sikutoka." Mchungaji anayehubiri bila kupima kwamba kutosaidia ni kuua anamtwisha mzigo usio wake, na mkubwa wa kambi, ambaye mzigo ni wake, hayupo kwenye benchi kulisikia hubiri hilo. Tunapomsikiliza, tumwulize maswali manne: Ulijua? Uliweza? Ingegharimu nini? Ilikuwa kazi ya nani? Tusimjibie sisi. Mara nyingi, akifika swali la tatu, ataanza kulia kwa namna nyingine.