Nyota Tano Ndani ya Wiki Mbili

Siku hizi watu wengi, kabla ya kutia saini mkataba wa ajira, hupita Glassdoor kusoma wafanyakazi wa kampuni hiyo wanasemaje. Pale mtu huandika bila kutaja jina na kumpa mwajiri nyota moja hadi tano. Kutojulikana humpa mtu ujasiri wa kusema kweli, lakini humficha na mwongo. Mwaka 2019 gazeti la The Wall Street Journal la Marekani liliyachunguza maoni hayo na kukuta kampuni zaidi ya 400 ambazo sifa zake ziliongezeka ghafla kwa namna ya kutiliwa shaka. Baadhi ya waajiri walikuwa wamewahimiza watu wao waandike mazuri.

Kwa hiyo usianze na wastani wa nyota; anza na tarehe. Tuchukue mfano wa kubuni: kampuni ya usambazaji jijini Dar es Salaam yenye maoni 14 na wastani wa nyota 4.1. Ukiyapanga kwa tarehe, unaona tisa yameandikwa ndani ya wiki mbili, yote ya nyota tano, yote yakisifu “familia moja” bila kueleza kazi yenyewe. Matano yaliyobaki yametawanyika katika miaka mitatu, na wastani wake ni 2.4. Watatu kati ya walioyaandika, kila mmoja kwa maneno yake, wanasema malipo ya saa za ziada huchelewa na mameneja wa mauzo hawadumu. Malalamiko yanayojirudia hivyo yana uzito kuliko ya mtu mmoja anayemtukana bosi bila kueleza alichotendewa.

Dai la mameneja linaweza kupimwa. Ingia LinkedIn, tafuta waliowahi kushika cheo hicho pale, kisha soma mwezi walioanza na walioondoka. Wanne wakifuatana bila hata mmoja kumaliza mwaka, dai limepata nguvu. Lakini kwanza hakikisha hawakuwa na mikataba mifupi ya mradi wa wafadhili, ambayo huisha fedha zikiisha. Kumbuka pia kwamba wasifu huandikwa na mwenyewe: kuna anayefuta kazi aliyoifanya miezi mitatu, na kuna aliyeacha zamani asibadilishe chochote. Madereva na wapakiaji wa ghalani wengi hawamo kabisa, kwa hiyo picha unayoipata ni ya ofisini.

Malipo ya ziada hayaonekani kwenye wasifu wa mtu. Hayo mwulize aliyeacha kazi pale karibuni, na kwenye usaili uliza: “Aliyekuwa na nafasi hii aliondoka lini, na kwa nini?” Jibu likikinzana na tarehe ulizoziona, ziamini tarehe.